Mtoto mchanga anarusha maziwa kila akinyonya: mlango wa mfuko wa chakula unapoziba

Kila mama anajua kwamba mtoto mchanga hucheua. Ananyonya, anabebwa begani, anapigwapigwa mgongoni, na maziwa kidogo yanamtoka mdomoni na kulowesha kanga. Hilo si ugonjwa. Mtoto anayecheua huku anaongezeka uzito na kukojoa vizuri ana afya yake.

Makala hii inahusu jambo jingine. Mtoto alizaliwa salama na kunyonya vizuri kwa wiki mbili au tatu za mwanzo, kisha akaanza kutapika. Mwanzo ni mara moja moja, lakini baada ya siku chache anatapika kila anaponyonya, na maziwa hayamwagiki tu shingoni. Yanaruka kwa nguvu, yanaangukia mbali na mama, wakati mwingine hata hatua moja. Baada ya kutapika mtoto halali kama mgonjwa. Analia njaa, anatafuta titi tena, ananyonya kwa pupa, na baada ya dakika chache anatapika tena.

Msikilizaji wetu wa Ilula, Image, Uhambingeto au popote unapotupata, ukimwona mtoto wa namna hiyo usisubiri siku ya kliniki. Huenda mlango wa kutokea wa mfuko wake wa chakula unaziba. Ugonjwa huu unatibika kwa upasuaji mdogo, na ukishatibiwa haurudi. Lakini mtoto anaweza kufa kabla ya kufika kwenye upasuaji huo, na kinachomuua ni maji na chumvi anazopoteza kwa siku zote anazotapika.

Nini kinaziba?

Maziwa yakimezwa huingia kwenye mfuko wa chakula. Mwishoni mwa mfuko huo, upande unaopakana na utumbo mwembamba, kuna mlango unaozungukwa na msuli. Msuli ukibana, mlango unafungwa. Ukilegea, maziwa yanapita kwenda kwenye utumbo, na huko ndiko mwili unakochukua lishe na maji.

Kwa baadhi ya watoto msuli huu huanza kunenepa baada ya kuzaliwa. Unanenepa siku hadi siku, na tundu la katikati linazidi kuwa jembamba. Ndiyo maana mtoto hatapiki tangu siku ya kwanza. Dalili huanza mara nyingi akiwa na wiki 3 hadi 6, na ni nadra kuanza baada ya wiki 12. Mfuko wa chakula nao unasukuma kwa nguvu zaidi ili maziwa yapite. Yakishindwa kupita mbele, yanarudi juu kwa kishindo.

Madaktari huuita pailoriki stenosisi. Ukilisikia jina hilo hospitalini, maana yake ni huo mlango uliobanwa.

Wavulana hupata zaidi kuliko wasichana, karibu mara nne, na watoto wa kwanza kuzaliwa hupata zaidi kuliko wanaowafuata. Ugonjwa huu pia hufuata ukoo, kwa hiyo kama baba au mama aliwahi kuupata utotoni, mwambie daktari. Jambo jingine linalojulikana kuongeza uwezekano ni dawa ya erithromaisini, hasa mtoto akipewa katika wiki mbili za kwanza za maisha. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutonunua dawa ya mtoto mchanga dukani bila kuandikiwa. Zaidi ya hapo, chanzo chenyewe hakijajulikana vizuri. Haukuletwa na chakula alichokula mama, wala na maziwa yake kuwa mabaya.

Msidhani ni ugonjwa wa Ulaya tu. Mwaka 2015 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha taarifa ya watoto 102 waliowafanyia upasuaji wa tatizo hili katika kipindi cha miaka 5. Wengi walikuwa wavulana, na wengi walifika wakiwa tayari wamepungukiwa maji mwilini.

Siku zinazopotelea nyumbani

Kuchelewa huko kuna sababu zake, na huku kwetu tunazijua. Mtoto akianza kutapika, mtu wa kwanza kuulizwa si daktari. Wapo watakaosema ni chango, na mtoto atanyweshwa dawa ya mizizi. Wapo watakaosema ni kimeo na kwamba kikatwe. Wengine watasema ni meno ya plastiki, na fizi za mtoto zitachokonolewa. Dawa ya kunywa haitapita kwenye mlango uliozibwa, itatapikwa kama maziwa. Kukata kimeo au kuchokonoa fizi kunamwongezea mtoto kidonda, damu inayomwagika na hatari ya maambukizi, huku mlango uliobanwa ukibaki vile vile.

Hata kwenye zahanati siku zinaweza kupotea. Mama anaweza kuambiwa ananyonyesha kupita kiasi, au abadilishe maziwa. Mtoto anaweza kutibiwa kama mwenye maambukizi. Anaweza pia kupewa maji ya chumvi na sukari ya kunywa, yale ya pakiti. Maji hayo huokoa maisha ya mtoto anayeharisha, kwa sababu njia yake ya kupita iko wazi. Kwa mtoto huyu njia imefungwa, na chochote anachomeza kitarudi. Maji yake lazima yapite kwenye mshipa wa damu, yaani dripu.

Basi mama atajuaje kwamba hii si kucheua wala kuumwa tumbo kwa kawaida? Angalia mambo manne.

La kwanza ni rangi ya matapishi. Kwa ugonjwa huu huwa ni maziwa meupe, au yaliyoganda kama mtindi, na baada ya siku nyingi yanaweza kuwa na michirizi ya kahawia. Hayawi ya kijani, kwa sababu nyongo huingilia kwenye utumbo, mbele ya mlango uliozibwa. Mtoto mchanga akitapika rangi ya kijani, huo ni ugonjwa mwingine, pengine utumbo umejisokota, na anatakiwa kufika hospitali saa hiyo hiyo.

La pili ni njaa. Mtoto mwenye maambukizi makali kwa kawaida hukataa titi. Huyu analitaka, mpaka atakapoishiwa nguvu.

La tatu ni nepi. Zinalowa mara chache, mkojo unakuwa wa njano iliyokolea, na choo kinakuwa kidogo na kigumu au hakionekani kwa siku kadhaa.

La nne ni mizani. Mtoto wa umri huo anatakiwa kuongezeka gramu 25 hivi kwa siku. Kama uzito umesimama au umeshuka, kadi namba moja ya kliniki itaonyesha. Chukua kadi hiyo popote uendapo, maana daktari asiyemjua mtoto wako ataisoma kwanza.

Tumfuate mtoto mmoja wa mfano

Ili hatua zieleweke, tuchukue mfano wa mtoto wa kiume, wa kwanza kwa wazazi wake. Alizaliwa na kilo 3.2. Alipofikisha wiki 3 alikuwa na kilo 3.7. Siku ya 24 alianza kutapika, na siku ya 36 mama yake alimfikisha hospitali. Mizani ilisoma kilo 3.3, wakati umri huo alipaswa kukaribia kilo 4.1. Utosi umebonyea, mdomo umekauka, na nepi ya mwisho kulowa ilikuwa jana jioni.

Daktari anaanza kwa kumuuliza mama: alianza lini, matapishi yana rangi gani, yanaruka au yanamwagika, anatapika muda gani baada ya kunyonya, na je, anataka kunyonya tena? Majibu sahihi ya mama ni nusu ya uchunguzi. Kama una simu yenye kamera, rekodi tukio moja la kutapika nyumbani. Mtoto anaweza kutotapika mbele ya daktari, na video ya sekunde 20 itamwonyesha anachohitaji kuona.

Kisha mtoto analazwa chali, tumbo wazi, penye mwanga wa kutosha, na ananyonyeshwa kidogo. Ukiangalia sehemu ya juu ya tumbo unaweza kuona mawimbi yakipita chini ya ngozi, kutoka kushoto kwake kwenda kulia. Hayo ni mapigo ya mfuko wa chakula unaohangaika kusukuma maziwa. Akiwa ametulia, daktari anapapasa kwa vidole juu ya kitovu kuelekea kulia. Anaweza kukigusa kiuvimbe kigumu kinachoteleza, ukubwa wa tunda la zambarau. Huo ndio msuli ulionenepa. Kazi hii inataka uvumilivu na mkono uliozoea, na mtoto anayelia hukaza tumbo, kwa hiyo kutokigusa hakumaanishi kwamba hakipo.

Kipimo kinachofuata ni altrasaundi, ile ile wanayofanyiwa wajawazito. Haina mionzi na haiumi. Mpimaji anapima unene wa msuli na urefu wa njia. Msuli ukifikia milimita 3 au zaidi, njia ikawa ndefu kupita milimita 15, na maziwa yakionekana hayapiti, jibu limepatikana. Kama ugonjwa ndio unaanza, msuli unaweza kuwa bado haujafikia kipimo hicho. Basi mtoto akiendelea kurusha matapishi, kipimo hurudiwa baada ya siku moja au mbili. Kuambiwa leo kwamba altrasaundi ni nzuri hakufungi mjadala.

Kwa nini hapasuliwi siku hiyo hiyo

Hapa ndipo wazazi wengi hupata wasiwasi. Ugonjwa umeshajulikana, daktari anasema dawa yake ni kisu, lakini siku inapita, na ya pili, mtoto bado ametundikiwa dripu na hanyonyi. Ndugu wanaanza kunong'ona kwamba wamepuuzwa, wamhamishe au wamrudishe nyumbani. Tafadhali, msifanye hivyo kabla ya kumuuliza daktari anasubiri nini.

Majimaji ya mfuko wa chakula yana asidi na chumvi. Mtoto anayeyatapika kwa siku 12 amepoteza maji, lakini pia amepoteza asidi na chumvi iitwayo kloridi. Figo zikijaribu kuokoa maji, zinapoteza potasiamu, na hiyo ndiyo chumvi inayosaidia moyo kupiga sawasawa. Damu yake sasa imepungukiwa asidi. Asidi ndiyo inayouchochea ubongo kuuambia mwili uvute pumzi, kwa hiyo ikipungua mtoto anapumua taratibu kuliko kawaida. Mtoto kama huyo akipewa nusu kaputi, anaweza kushindwa kupumua mwenyewe baada ya upasuaji kwisha. Mlango utakuwa umefunguliwa, lakini pumzi haipo.

Ndiyo maana inasemwa kwamba dharura ya ugonjwa huu ni maji, na kisu kinaweza kungoja.

Kwa mtoto wetu wa mfano, kazi inaanza kwa dripu ya maji ya chumvi. Kwa kuwa amepungukiwa sana, anapewa haraka mililita 20 kwa kila kilo, yaani mililita 66 hivi, kisha anaangaliwa upya. Baada ya hapo dripu inaendelea polepole, maji ya chumvi yaliyochanganywa na glukosi ili sukari yake isishuke, mililita 20 hivi kila saa, sawa na nusu lita kwa siku nzima. Akishaanza kukojoa, potasiamu inaongezwa ndani ya dripu. Haiongezwi kabla ya mkojo, kwa sababu figo zisipofanya kazi potasiamu inajaa kwenye damu na inaweza kuusimamisha moyo. Kwa hiyo mama anapoulizwa kila mara kama nepi imelowa, ajue jibu lake linasubiriwa.

Wakati huo huo mtoto anaacha kunyonya, na mpira mwembamba unapitishwa puani hadi kwenye mfuko wa chakula ili kuutoa uchafu uliobaki. Mama akamue maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Asipokamua, maziwa yatapungua, na siku mtoto akiruhusiwa kunyonya atakuta titi limelegea.

Damu inapimwa tena na tena. Tuseme siku ya kwanza kloridi ilikuwa 84. Daktari anataka ifike 100, potasiamu ipande, na asidi ya damu irudi karibu na kawaida. Kwa watoto wengi hilo huchukua siku moja hadi mbili, na kwa aliyechelewa sana siku tatu au zaidi. Swali la kumuuliza daktari kila asubuhi ni hili: "Damu yake imefikia wapi?"

Ndani ya chumba cha upasuaji

Upasuaji wenyewe ni mfupi, kwa kawaida haufiki saa moja. Kabla ya usingizi mfuko wa chakula unanyonywa tena kwa mpira hadi ubaki mtupu, kwa sababu matapishi yakiingia kwenye mapafu ya mtoto aliyelala yanaweza kumuua. Daktari anafungua tumbo kwa mkato mdogo, sentimita 3 hivi, juu upande wa kulia au kuzunguka kitovu. Anautoa msuli ulionenepa, na kuupasua kwa urefu, karibu sentimita 2. Kisha anatumia kifaa butu kuitanua ile mipasuko ya msuli mpaka pande mbili ziachane.

Ustadi uko kwenye kina. Chini ya msuli kuna ngozi laini ya ndani inayozuia maziwa yasimwagike tumboni. Msuli unatakiwa upasuke wote, lakini ngozi ile isiguswe. Ukipasuliwa pungufu, mtoto ataendelea kutapika. Ngozi ikitoboka bila kuonekana, maziwa yatavuja na tumbo litaoza. Kwa hiyo kabla ya kufunga, hewa inasukumwa kupitia ule mpira wa puani na daktari anaangalia kama kuna mapovu yanayotoka. Tundu likionekana hapo linashonwa, na kwa kawaida mtoto hupona vizuri.

Msuli wenyewe haushonwi, unaachwa wazi. Jambo hili lilijulikana karibu kwa bahati. Mwaka 1911, daktari Mjerumani Conrad Ramstedt wa mji wa Münster alimpasua mtoto msuli huu akakusudia kuushona upya kwa upana, kama ilivyokuwa desturi. Nyuzi zikakata nyama na kuachia. Akaona njia imeshafunguka, akauacha hivyo, na mtoto akapona. Mwaka uliofuata alipompata mgonjwa mwingine hakushona kabisa. Zaidi ya miaka 100 baadaye upasuaji huo bado unafanyika vile vile na unaitwa kwa jina lake. Katika hospitali zenye vifaa hufanywa kwa matundu madogo na kamera, lakini kinachofanyika kwenye msuli ni kile kile.

Baada ya kuamka

Mtoto anaangaliwa kwa karibu usiku wa kwanza, hasa upumuaji wake. Saa chache baadaye, mara nyingi kati ya 4 na 6, anaanza kupewa maziwa kidogo kidogo, na kesho yake kwa kawaida anarudi kwenye titi. Anaweza kutapika mara chache siku za mwanzo, kwa kuwa mfuko wa chakula umechoka na kuvimba. Hilo lisiwatishe. Wengi hutoka hospitali baada ya siku mbili au tatu, na msuli hurudi unene wake wa kawaida baada ya wiki au miezi kadhaa. Hakuna chakula cha pekee wala dawa ya kumeza ya muda mrefu.

Mrudisheni mara moja kama ana homa, tumbo limevimba na kuwa gumu, kidonda kinatoa usaha, anatapika rangi ya kijani, au anaendelea kurusha kila anachonyonya baada ya wiki moja. Wiki mbili baada ya kutoka, mpimeni uzito kliniki. Kama amepanda, njia imefunguka.

Njia ya kufuata kutoka huku kwetu

Kwa wa tarafa yetu, anzieni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Ilula, na mseme maneno haya: "Anarusha matapishi kila akinyonya, ni maziwa matupu, na uzito unashuka." Ombeni mtoto apimwe uzito na mizani ilinganishwe na kadi. Kama ni mlegevu, dripu ianze hapo hapo kabla ya safari, kwa sababu safari ya gari yenyewe ni saa nyingine bila maji.

Hatua inayofuata ni rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, kilomita zipatazo 45 kwa barabara kuu. Huko ndiko itaamuliwa kama atahudumiwa hapo au apelekwe mbele, kwa mfano Hospitali ya Kanda ya Mbeya, Benjamin Mkapa ya Dodoma au Muhimbili. Madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto ni wachache nchini, na mtoto wa kilo tatu anahitaji pia mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto wadogo. Kwa hiyo kupewa rufaa nyingine si kufukuzwa. Kabla ya kuondoka hakikisheni mna karatasi ya rufaa, majibu ya damu na altrasaundi, na kadi ya kliniki.

Njiani mama ampakate mtoto akiwa amelalia ubavu, kichwa kimeinuka kidogo, ili akitapika asipaliwe, na amfunike vizuri kwa baridi yetu ya asubuhi. Kuhusu gharama, sera ya afya inatoa msamaha kwa watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali. Mkikwama kwenye malipo, muulizeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuamua kurudi nyumbani. Mtoto aliyeanza kutapika Jumatatu akafikishwa hospitali Alhamisi huenda akahitaji dripu ya siku moja tu kabla ya kisu. Akifikishwa baada ya wiki mbili, siku za dripu zinaongezeka, na nguvu za kuzisubiri anakuwa amebaki nazo chache.